Ripoti ya tangazo isichukue nafasi ya daftari la mauzo

Wafugaji, wakulima wa miche na wafanyabiashara wadogo wengi siku hizi hutangaza bidhaa zao Facebook na Instagram. Mtu huweka picha ya vifaranga au mbegu, hulipia Sh10,000 kwa siku, na baada ya wiki mbili hufungua ripoti ya tangazo ili aone fedha yake imefanya kazi gani. Ripoti humwambia kwamba tangazo limeleta oda 21. Kwa kuitegemea namba hiyo, anaamua kama aongeze fedha, apunguze au asitishe.

Ambalo halielezwi vya kutosha ni kwamba baadhi ya oda hizo huenda hazikuonwa na mashine yoyote. Zimekadiriwa. Haina maana kwamba kuna wizi au hila. Ni matokeo ya mabadiliko yaliyofanywa kwenye simu za mkononi kuanzia mwaka 2021, na anayetoa mtaji wake mdogo kwa kuifuata namba ile anastahili kujua inatoka wapi.

Hapo awali hesabu ilikuwa nyepesi. Kila simu ya kisasa ina namba ndefu ya utambulisho wa matangazo, ambayo programu zote zilizomo ndani yake zilikuwa zikiisoma bila kumuuliza mwenye simu. Programu ya Facebook iliandika kwamba simu fulani imebonyeza tangazo la viatu. Programu ya muuza viatu nayo iliandika kwamba simu hiyo hiyo imenunua. Namba mbili zikilingana, mauzo yanahesabiwa kuwa ya tangazo.

Kwa wenye tovuti ilitumika njia nyingine. Mwenye duka alibandika kwenye kurasa zake kipande kidogo cha msimbo kinachoitwa pikseli. Mnunuzi alipofika kwenye ukurasa wa kumshukuru kwa kununua, pikseli ilituma taarifa Facebook kutoka ndani ya simu ya mnunuzi mwenyewe. Ilimtambua kwa kuki, yaani alama ndogo inayohifadhiwa na kivinjari cha intaneti ili kimkumbuke mtu aliyekwisha kupita.

Njia zote mbili zilikuwa na udhaifu mmoja: zilitegemea simu ya mnunuzi ikubali kutoa habari. Kampuni ya Apple, inayotengeneza simu za iPhone, ilianza kubana kuki katika kivinjari chake cha Safari mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaweka kanuni kwamba kuki zinazowekwa na msimbo wa aina hiyo zisidumu zaidi ya siku 7. Pigo kubwa likaja Aprili 26, 2021, ilipotoa toleo la iOS 14.5. Tangu siku hiyo, programu yoyote inayotaka kumfuatilia mtu katika programu na tovuti za kampuni nyingine lazima imuulize kwanza. Akikataa, namba ya utambulisho wa matangazo husomeka kuwa sifuri tupu.

Facebook ilikwisha kulalamika mapema. Desemba 2020 ilinunua kurasa nzima za magazeti makubwa ya Marekani ikidai kwamba watakaoumia ni wafanyabiashara wadogo. Februari 2022 kampuni hiyo, ikiwa tayari imebadili jina na kuitwa Meta, iliwaambia wawekezaji kwamba mabadiliko ya Apple yangeipunguzia mapato ya mwaka huo kwa kiasi cha dola bilioni 10 za Marekani.

Mfanyabiashara wa Tanzania anaweza kusema kwamba wateja wake wengi hawatumii iPhone bali simu za Android, kwa hiyo jambo hili halimhusu. Ni kweli kwamba pigo kwake ni dogo kuliko kwa mwenzake wa Marekani. Lakini Google, inayosimamia Android, nayo imempa mwenye simu uwezo wa kufuta namba hiyo, na tangu mwaka 2022 aliyeifuta huonekana kwa programu kama sifuri tupu vilevile. Zaidi ya hapo, mitambo ya kuhesabu mauzo ni ile ile kwa watangazaji wa dunia nzima. Ilipobadilishwa kwa ajili ya iPhone, ripoti ya muuza vifaranga wa Morogoro ilibadilika pia.

Moja ya mabadiliko hayo ni muda. Zamani Facebook ilihesabu kuwa ya tangazo oda yoyote iliyofanywa ndani ya siku 28 tangu mtu abonyeze. Mwaka 2021 muda wa kawaida ulipunguzwa kuwa siku 7. Kwa muuza viatu hilo si tatizo kubwa. Kwa muuza vifaranga ni tatizo, kwa sababu mteja makini akiona tangazo leo hujenga banda kwanza, hutafuta chakula na chanjo, kisha huagiza wiki ya tatu. Oda hiyo imetokana na tangazo, lakini ripoti haitaionyesha.

Watangazaji hawakukaa kimya. Njia ya kwanza waliyoikimbilia ni kuacha kuitegemea simu ya mnunuzi na kutuma taarifa kutoka kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti ya duka, ambayo wengi hukodi. Seva inajua oda iliyoingia, na inajua malipo yaliyothibitishwa na M-Pesa. Badala ya pikseli kupeleka habari kutoka kwenye simu ya mnunuzi, seva huipeleka moja kwa moja kwenye kompyuta za Meta kwa mlango unaoitwa Conversions API. Google ina utaratibu wake unaofanana na huo.

Kinachotumwa si siri kubwa. Ni jina la tukio, kwa mfano `Purchase`, saa lilipotokea, kiasi cha fedha, na kitu cha kumtambulisha mnunuzi, mara nyingi namba yake ya simu au barua pepe. Namba ya simu haitumwi wazi. Hupitishwa kwenye hesabu iitwayo SHA-256 ambayo huigeuza kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Meta nayo imezigeuza namba za wateja wake kwa hesabu hiyo hiyo. Mifululizo miwili ikifanana, oda imempata mwenyewe.

Hapa ndipo wengi huteleza. Namba lazima iandikwe kwa kuanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo, kabla ya kugeuzwa. Ikitumwa ilivyoandikwa na mteja, kwa kuanza na 07, mfululizo unaotoka hautafanana na wowote, hata kama mteja ni yule yule. Mfanyabiashara hataona kosa lolote kwenye tovuti yake, oda zitaendelea kuingia, ila ripoti itakuwa na upungufu. Dalili yake ni alama ya ubora wa kulinganisha ambayo Meta huitoa kwa kila tukio, kati ya 0 na 10. Alama ikiwa chini wakati wateja wote wameacha namba za simu, kitu cha kwanza cha kukagua ni namna namba hizo zilivyoandikwa.

Kosa la pili huelekea upande wa pili, nalo ni la hatari zaidi kwa sababu linafurahisha. Wengi huongeza seva bila kuiondoa pikseli, na hivyo ndivyo inavyoshauriwa, kwani moja huona pale nyingine isipoona. Lakini oda moja sasa inatumwa mara mbili. Ili isihesabiwe mara mbili, taarifa zote mbili lazima zibebe jina moja la tukio na `event_id` moja, ambayo inaweza kuwa namba ya oda yenyewe, na zifike zisipishane kwa zaidi ya saa 48. Fundi akisahau hilo, oda 14 hugeuka 28 kwenye ripoti. Mwenye duka hushangilia kwamba seva imeleta wateja, kumbe imeleta nakala. Dalili ni nyepesi kuitambua: siku seva ilipowashwa ripoti iliruka karibu mara mbili, lakini daftari la oda halikutikisika.

Hata ikiwekwa sawasawa, seva haina uwezo wa kujua kila kitu. Mteja anayetumia namba moja Facebook na nyingine kwa malipo hatalinganishwa. Anayeona tangazo, akapiga simu, akajadiliana bei na kulipia kwa wakala hataonekana kabisa, isipokuwa muuzaji aandike oda hiyo na kuiingiza mwenyewe kwenye mfumo. Kwa biashara nyingi za hapa nchini, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mauzo.

Pengo linalobaki ndilo linalojazwa na njia ya pili, ambayo ni makadirio. Kampuni ya matangazo hutazama watu inaowaona hadi mwisho na kuwatumia kuwakisia isiowaona. Iwapo watu 100 wanaoonekana walibonyeza tangazo na 5 kati yao wakanunua, na kuna wengine 200 waliobonyeza ambao mwisho wao haukuonekana, mashine huweza kukadiria kwamba katika hao 200 wamenunua watu 10. Ripoti itaandika 15. Hesabu halisi ni ngumu kuliko hiyo, kwani mashine huzingatia pia aina ya simu, saa, mahali na mengineyo, lakini msingi wake ndio huo. Hakuna majina nyuma ya wale 10, na hakuna kitufe cha kuwaita.

Makadirio ya namna hii si upuuzi. Bila hayo ripoti ingekuwa chini ya ukweli. Septemba 2021 Facebook yenyewe ilikiri kwamba, kwa ujumla, ilikuwa ikihesabu pungufu kwa takriban asilimia 15 mauzo ya tovuti yaliyotokana na watumiaji wa iPhone. Tatizo ni kwamba makadirio husimama juu ya mambo mawili. La kwanza ni dhana kwamba wasioonekana wanafanana na wanaoonekana. La pili ni wingi. Google, kwa mfano, katika utaratibu wake wa kukadiria waliokataa kuki, hutaka mtangazaji awe na mibonyezo isiyopungua 700 kwa siku 7 katika nchi husika kabla ya kuanza kumkadiria. Duka linalopata mibonyezo 40 kwa wiki liko mbali na kiwango hicho. Palipo na mauzo machache, kosa la oda mbili tu hugeuza hasara kuwa faida kwenye karatasi.

Tena kuna swali ambalo si seva wala makadirio yanayoweza kulijibu. Ripoti husema nani alibonyeza tangazo kisha akanunua. Haisemi nani asingenunua kama tangazo lisingekuwapo. Mteja wa zamani anayekutana na tangazo asubuhi ile ile aliyokuwa amepanga kuagiza huhesabiwa kuwa ameletwa na tangazo, ingawa angekuja tu.

Swali hilo hujibiwa na daftari, na mfano huu wa kubuni unaonyesha jinsi. Mfugaji wa Morogoro anauza vifaranga kwa kuvipakia kwenye basi kwenda Dodoma na Singida. Kila mkoa kwa kawaida humpa oda 20 kwa wiki mbili. Kwa wiki mbili anarusha tangazo Dodoma pekee kwa Sh10,000 kila siku, jumla Sh140,000, na Singida hatangazi kabisa. Bei, usafiri na idadi ya vifaranga havibadiliki. Kila oda, iwe ya tovuti, ya simu au ya ana kwa ana, inaandikwa pamoja na mkoa inakokwenda.

Mwisho wa wiki mbili, daftari linaonyesha oda 32 za Dodoma na oda 22 za Singida. Ripoti ya tangazo inasema oda 21 zimetokana na tangazo. Singida imepanda kwa oda 2 bila tangazo lolote, labda kwa sababu ya msimu, kwa hiyo ni haki kudhani kwamba Dodoma nayo ingefika 22. Zilizoongezwa na tangazo ni oda 10.

Mfugaji huyu anabakiwa na faida ya Sh12,000 kwa kila oda baada ya kutoa gharama zote isipokuwa tangazo. Kwa kufuata ripoti, oda 21 zimempa Sh252,000, na akitoa Sh140,000 za tangazo anajiona amepata Sh112,000. Kwa kufuata daftari, oda 10 zimempa Sh120,000, na akitoa Sh140,000 amepata hasara ya Sh20,000. Akiiamini ripoti ataongeza fedha ya tangazo hadi Sh20,000 kwa siku na hasara itakua pamoja nayo, huku kila asubuhi simu yake ikimpongeza.

Jaribio hili nalo lina mipaka yake. Oda 10 ni chache, na tofauti ya oda tatu au nne inaweza kuletwa na bahati tu. Ndiyo maana inafaa kulirudia kwa kubadilisha mikoa, Singida itangaziwe na Dodoma ipumzike, kisha matokeo mawili yatazamwe pamoja. Wiki za sikukuu au za mlipuko wa mdondo ziachwe. Kwa bidhaa ambayo mteja hujiandaa kwa muda mrefu, daftari liendelee kuandikwa wiki mbili au tatu zaidi baada ya tangazo kuzimwa, ili wale waliokuwa wakijenga mabanda nao wahesabiwe. Huenda hao wakaifuta ile hasara ya Sh20,000. Huenda wasiifute. Ripoti ya siku 7 haiwezi kulijua hilo, lakini daftari litajua.

Kuna jambo la mwisho ambalo mafundi wa matangazo hulipita haraka. Baadhi huwaambia wafanyabiashara kwamba namba ya simu ikishageuzwa kwa SHA-256 si taarifa binafsi tena. Hilo si sahihi. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 9 baada ya 255, kwa hiyo namba zote zinazowezekana hazizidi bilioni moja. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa muda mfupi na kujua kila mfululizo ni wa nani. Isitoshe, lengo lenyewe la kuituma ni mtu huyo atambulike upande wa pili. Isiyotambulika isingekuwa na kazi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu amweleze mhusika anazikusanya kwa ajili gani, ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na azingatie masharti pale taarifa zinapopelekwa nje ya nchi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Mteja aliyeacha namba ili apigiwe vifaranga vikifika kituo cha basi hakuiacha ili ipelekwe Marekani kulinganishwa na akaunti yake. Sentensi moja iliyo wazi kwenye fomu ya oda, na kisanduku ambacho mteja anaweza kukiacha bila alama na bado akahudumiwa, ndicho kiwango cha chini. Aliyekikataa, seva isimtume. Kwa wenye programu za simu kanuni ya Apple ni kali zaidi: aliyekataa kufuatiliwa harudiwi kwa mlango wa nyuma kwa kutumia namba au barua pepe iliyogeuzwa.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayeuziwa huduma ya kuunganishiwa seva ana maswali manne ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa. Namba za simu zitaandikwaje kabla ya kugeuzwa? `event_id` itatoka wapi? Tukio la `Purchase` litatumwa mteja anapobonyeza kitufe cha kuagiza, au malipo yanapothibitishwa? Na aliyekataa taarifa zake zitumwe atazuiwaje? Fundi asiyeweza kuyajibu hayo kwa Kiswahili cha kawaida hajaielewa kazi anayoiomba.

Na kama biashara haina tovuti, bali huuza kwa simu na WhatsApp pekee, haina haraka ya kununua seva. Kitabu chenye safu nne, yaani tarehe, mkoa, kiasi, na jibu la swali "umetusikia wapi?", pamoja na mkoa mmoja unaoachwa bila tangazo kwa wiki mbili, kitamweleza mwenye mali mengi kuliko ripoti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali inayosimamiwa na daftari la mwenye kuuza matangazo ina hatari hiyo hiyo.